Mzee wa Sweta la Kijani

Ukimuuliza mtu wa Tunduma habari za Raudha, atakujibu haraka: aa, yule mama wa habari, yule wa simu mbili. Basi, ujuzi wao unakomea hapo. Hawajui kwamba anapika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki. Hawajui kwamba mumewe, Abdulwahab, aliyemleta huku kutoka Korogwe enzi hizo akiendesha lori, alioa mke wa pili Ndola na akatulia hukohuko kama aliyezaliwa huko. Humpigia Idi hadi Idi. Anamuuliza, "Mzima?" Anamjibu, "Mzima." Yamekwisha.

Watu wanaomjua ni wengi mno, na hapo ndipo panapouma. Ukurasa wake unafuatwa na watu kutoka Vwawa mpaka Lusaka. Kila siku wanampa vidole gumba, mioyo na matusi. Lakini alipougua malaria akalala ndani, hakuna hata mmoja aliyebisha hodi.

Raudha ni mwandishi wa mkoa wa Songwe wa gazeti moja la mtandaoni liitwalo Njia Kuu. Ofisi iko Dar es Salaam. Tawi la Tunduma ni yeye, meza yake, na dirisha linalotazama foleni ya malori ya kwenda Zambia. Anaandika, anapiga picha, anaituma habari kwa mhariri, kisha anausimamia mwenyewe ukurasa wa mkoa, yaani ule ambao watu huusoma kwenye simu wakiwa kwenye benchi la bodaboda.

Nikueleze kidogo habari inavyozaliwa siku hizi, maana wapo wanaodhani mwandishi akiona kitu basi dunia nzima imekiona. Thubutu! Kwanza habari inafika kwa mhariri. Wa Raudha anaitwa Sebastian, kijana mwerevu, ana adabu zake, na mbele yake ukutani kuna kioo kinachoonyesha watu wangapi wanasoma nini muda huohuo. Habari isiyosomwa inashuka, inayosomwa inapanda, na Sebastian naye roho yake inapanda na kushuka nazo. Akiipitisha, inakwenda kwa mtambo wa mtandao wenyewe, ambao hauna jina wala sura wala mtu wa kumpelekea malalamiko. Mtambo unawaonjesha watu wachache habari yako. Wakisimama kuitazama, unaipeleka kwa wengine. Wakiipita, mtambo nao unaiacha ife kimya. Halafu wapo wasomaji, wanaojiona hawana hatia kabisa, kumbe ndio wanaoufundisha mtambo kila siku kipi kiletwe na kipi kizikwe.

Sasa, mwezi ule wa mvua, mzee mmoja alianguka karibu na maegesho ya malori. Vijana wa bodaboda walimbeba wakamfikisha hospitali, akafariki bila kutamka jina. Mfukoni hakuwa na simu wala kitambulisho. Kama vilikuwepo, wenye mikono myepesi waliviwahi. Alikutwa na leso yenye mbegu za kahawa, na mwilini alikuwa na sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, lenye vifungo visivyofanana.

Aliyempa Raudha habari hizo ni Pendo, afisa ustawi wa jamii pale hospitali. Walikuwa wakifahamiana kikazi.

"Dada Raudha, polisi wametangaza, hakuna aliyekuja," Pendo alisema. "Chumba chetu cha maiti ni kidogo na kimejaa. Halmashauri wamepanga kumzika Ijumaa asubuhi. Hebu mtoe kwenye gazeti lenu, labda ndugu zake wataona."

"Ni Muislamu au Mkristo?"

"Ningejua hilo, si ningejua na mengine?"

Raudha alilipiga picha sweta lile likiwa limetandikwa mezani. Hakumpiga picha marehemu. Kwanza haifai, na pili mtambo ukiona sura ya maiti unaifunika kwa pazia la kijivu na kuibana isifike mbali. Alirudi kwenye meza yake akaandika vizuri, kwa ufupi: mzee, umri wa makadirio, mahali alipoangukia, sweta, mbegu, siku ya maziko, namba ya Pendo. Akaituma Dar.

Kwa nini alilichukua jambo lile kama la kwake? Sitakuficha. Alipokuwa akilikunja lile sweta, alijiuliza yeye akianguka pale barabarani nani atakuja kumtambua. Alihesabu watu kichwani, na hesabu haikwenda mbali. Akaogopa, woga wa kweli. Tangu hapo akawa anamtafutia mzee yule watu wake kana kwamba anawatafuta wa kwake mwenyewe.

Sebastian alipiga simu.

"Shikamoo dada Raudha. Hii ya mzee... mtu mmoja, hana jina, hana sura. Nani ataisoma?"

"Marahaba. Watoto wake wataisoma."

"Watoto wake ni watu wangapi, dada? Naomba usinielewe vibaya. Nikiiweka juu, inaniburuza chini. Nitaiweka kwenye Mikoani, chini kule. Halafu ile video ya kina mama wawili waliopigana forodhani kwa ajili ya vitunguu, mbona hujanitumia? Wenzetu wameshaiweka."

Raudha alimtumia. Afanyeje, ndiyo kazi. Video ya vitunguu ilipaa. Watu walicheka mpaka Kitwe, Wazambia wakaandika kwa Kibemba, kila mtu akamtumia mwenzake. Mzee wa sweta aliwekwa kwenye ukurasa siku hiyohiyo, na walioonjeshwa wakampita kama wanavyopita mahindi ya jana. Msomaji mmoja akairipoti eti inaogofya, sweta tupu hilo! Mtambo ukaishusha kwa ukaguzi. Raudha akakata rufaa kwa kubonyeza kidude, ikarudishwa kesho yake asubuhi, imepoa haina hata mvuke.

Ilikuwa Jumatano. Akampigia Sebastian mwenyewe.

"Mwanangu, nisaidie. Ijumaa wanamzika."

Sebastian aliifungua tena habari ile. Hakuwa mtu mbaya, nakwambia, alikuwa na mama yake Makambako na alimpenda. "Dada, inaweza kwenda, ila siyo kwa kichwa hicho. 'Mzee asiyefahamika afariki Tunduma', hapo nani atasimama? Tuseme hivi: 'Mzee wa ajabu afia mpakani, alichokutwa nacho mfukoni chaduwaza wengi.'"

"Amekutwa na mbegu za kahawa, Sebastian. Wilaya nzima ya Mbozi ina mbegu za kahawa."

"Wataijua wakifungua. Na maelezo yote tuyaache kwenye tovuti, ukurasani picha na kichwa tu. Ukimwaga kila kitu pale nje hakuna atakayeingia ndani. Kiungo cha kuingilia tovuti weka kwenye maoni, mtambo haupendi viungo juu."

Hicho kichwa kilimkera Raudha. Kumwita maiti wa watu mzee wa ajabu! Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na yeye alishajaribu njia ya heshima ikamwacha pale pale. Akapiga moyo konde. "Weka," alisema.

Ikaenda. Jamani, ilikwenda! Kufikia adhuhuri maoni yalikuwa yakimiminika kuliko ya vitunguu. Na maoni yenyewe ndiyo hayo: huyo ni mchawi alidondoka na ungo, huyo kameza dhahabu ya machimbo ya Galula, huyo ni wa chama cha siri, mbegu za nini usiulize. Kijana mmoja alidai kumfahamu na kumbe hajawahi kufika Songwe maishani. Wengine wakapandia humohumo na biashara zao, maana ukurasa wa mpakani haukosi watu wa kubadilisha kwacha na waganga wa kurudisha wapenzi. Nipigie nikusaidie, nipigieni mzigo ufike leo, piga namba hii.

Siku nyingi nyuma, waganga na matapeli walipomzidi nguvu, Raudha aliwekea ukurasa kichujio. Ni rahisi tu: unauandikia mtambo maneno usiyoyataka, nao kila ukiona oni lenye neno hilo unalificha wenyewe, bila kukusumbua. Aliweka kwacha, aliweka mganga, aliweka nipigie na nipigieni na ndugu zao wote. Mwanzoni alikuwa na desturi ya kufungua ghala la maoni yaliyofichwa kila asubuhi, kuangalia kama kuna mtu mwema aliyenaswa. Hakumkuta hata mmoja. Ilikuwa waganga tu, juma hata juma, mpaka akachoka na kuacha kulifungua. Nani angeendelea?

Siku ile alikaza kamba zaidi. Akaongeza mchawi, dhahabu, ungo. Yale yaliyopenya aliyafuta kwa mkono, moja moja, mpaka kidole kikamuuma. Alimlinda mzee wa watu kama mama anavyofukuza nzi usoni kwa mtoto aliyelala. Na kila alipofuta, alitafuta oni moja tu, la mtu atakayesema, huyu ni wetu. Halikuonekana. Alhamisi nayo ikaisha hivyohivyo, watu maelfu wamepita kwenye sweta lile na hakuna aliyelijua.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imekata. Makaburini walikuwepo vijana wanne wa halmashauri, Pendo na Raudha. Kazi ilikwenda haraka. Vijana hawakuwa na ubaya, ila walikuwa na kaburi lingine la kuchimba. Hakuna aliyejua aombewe vipi, kwa hiyo Pendo alifunga macho akasema Baba Yetu kwa sauti ndogo, na Raudha akamsomea Fatiha, wakamwachia Mungu achague. Walichomeka kibao chenye namba. Raudha alilia njia nzima ya kurudi, na kwenye bajaji hakuna aliyemuuliza mama unalilia nini.

Jumatatu Pendo akapiga simu. "Dada, kuna binti hapa. Njoo."

Binti mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejifunga kitenge, viatu vina udongo mwekundu wa Ihanda, huko Mbozi. Jina lake Felista. Alikuwa ameshaonyeshwa sweta, amelipakata mapajani kama mtoto.

"Shikamoo mama," alisema, akainuka nusu.

"Marahaba mwanangu. Kaa, kaa."

"Nimelifuma mimi. Vifungo viliniishia, nikaweka vya gauni langu." Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa Kinyiha, kinapanda mwishoni mwa neno. "Ni baba yangu, Efraimu. Ni mzee wa kanisa kwetu."

Alieleza taratibu. Baba yake alikuwa ameaga anavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa shangazi, alikuwa akimpelekea mbegu za kahawa ajaribu kupanda huko. Nyumbani hawakuwa na wasiwasi, maana akifika kwa dada yake hukaa mpaka amchoshe. Kumbe hakufika, na shangazi naye hakujua kama anakuja.

"Pole mwanangu," Raudha alisema. "Tulimtangaza. Tulihangaika sana, Mungu anajua. Laiti ungeiona mapema."

Felista alimtazama kama mtu asiyeelewa alichoambiwa.

"Niliiona Jumatano," alisema.

Pendo aliacha kupanga makaratasi.

"Niliiona Jumatano mchana, nipo shambani. Ukurasa wenu naufuata siku zote. Niliona sweta na yale maneno ya mzee wa ajabu. Kwenda kwenye tovuti sikuweza, kifurushi changu ni cha mtandao wa kijamii tu, nikibonyeza kiungo kinagoma. Baba hana simu, nikampigia shangazi, laini ya Zambia haipatikani. Nikasema sasa nifanyeje? Nikienda hospitali kumuulizia mtu aliye hai kwenye chumba cha maiti, si nitakuwa namwombea kifo baba yangu kwa mdomo wangu? Sweta linaweza kufanana. Ndiyo nikawaandikia nyinyi. Mama, mimi niliwaandikia."

"Uliandika wapi?"

"Palepale. Chini ya picha."

Alitoa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akatafuta, akampa. Na kweli lilikuwepo. Jina lake, picha yake akiwa na mavazi ya kwaya, na tarehe ya Jumatano: *Naomba kuuliza, hilo sweta ni kama la baba yangu Efraimu wa Ihanda, vifungo viwili vya bluu kimoja cheupe. Tafadhali nipigieni, naogopa.* Na namba ya simu.

Raudha alitoa ya kwake akaangalia mahali hapohapo. Halikuwepo. Akaangalia tena kwa binti, lipo. Kwake, halipo. Hapo akakaa kwenye benchi la wagonjwa bila kukaribishwa, kwa sababu alishaelewa. Oni likifichwa halifutiki. Aliyeliandika analiona, na rafiki zake wa mtandaoni wanaliona, kana kwamba hakuna kilichotokea. Dunia iliyobaki ndiyo isiyoliona.

"Nililiona lipo pale," Felista alisema. "Kila nikifungua, lipo. Wadogo zangu nao wanaliona. Nikasema wameshalisoma. Kama angekuwa baba wangenipigia, wamenyamaza, basi siyo yeye. Nikafurahi, mama. Jumatano usiku nilimshukuru Mungu. Alhamisi nikaenda kupalilia. Mpaka jana shangazi alipopatikana, akasema hajamwona."

Raudha alifungua ghala la yaliyofichwa. Waganga, kwacha, ungo, waganga, dhahabu. Alishuka chini, na katikati ya wanaorudisha wapenzi akakutana na picha ya mavazi ya kwaya.

Angeweza kusema ni mtandao. Watu wote wanaelewa ukisema mtandao, wanaguna na kusikitika na hakuna wa kulaumiwa. Neno lilimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini alikuwa amekaa usawa wa macho na yule binti, na sweta lipo katikati yao.

"Ni mimi," alisema. "Kuna maneno nimeuambia mtambo uyafiche. Ulipoandika nipigieni, mtambo ukakuchukulia kama tapeli. Nilikuwa natakiwa kuyapitia yaliyofichwa. Sikuyapitia. Mhariri nilimlaumu, wasomaji niliwalaumu, na wewe ulikuwa umeshafika mlangoni kwangu unabisha hodi. Nisamehe mwanangu, ingawa sijui unisamehe vipi."

Felista hakulia wala hakumgombeza, na Raudha angetamani agombezwe. Alilikunja sweta mkono kwa mkono.

"Alizikwa na nani?" akauliza.

"Mimi na Pendo. Pendo alimwombea kikanisa. Mimi nilimsomea Fatiha, sikujua dini yake."

"Siyo mbaya," Felista alisema. Kisha akaongeza, "Mama, naomba ulitoe oni langu. Lionekane. Kule kijijini watasema tumemtelekeza. Wajue niliuliza."

Raudha alibonyeza. Oni la Felista likatoka hadharani, likakaa mahali pake chini ya picha, kama lilivyostahili kukaa siku zote. Na kwa kuwa habari ile ilikuwa bado ya moto, hawakumaliza hata kumeza mate. Simu yake na ya Felista zikalia pamoja. Mtu fulani, wa Mbeya au Morogoro, nani ajuaye, alikuwa ameshajibu: *Mtoto gani wewe, baba ameshazikwa ndiyo unajitokeza? Siku zote ulikuwa wapi?* Likapigwa kidole gumba, na kingine, na kingine. Tarehe ipo pale, imeandikwa, na hakuna aliyejisumbua kuitazama. Mtambo ukaona watu wamesimama, ukalipandisha juu kabisa.

Felista alilisoma mara mbili. "Na hili nalo mtalificha?" aliuliza, na haikuwa kejeli, alikuwa anataka kujua.

Kidole cha Raudha kilikuwa juu ya kioo tayari. Akakiondoa. Alitoka kwenye ukurasa wa Njia Kuu, akaingia kwa jina lake mwenyewe, ambalo hakuwa akilitumia mtandaoni, na akaandika chini yake: *Huyu binti hakuchelewa. Aliuliza Jumatano, baba yake hajazikwa. Mimi Raudha, msimamizi wa ukurasa huu, ndiye niliyemfungia mlango.* Akatuma.

Sebastian alianza kupiga, ikaita mpaka ikakata. Wanawake wawili walikaa bega kwa bega kwenye benchi lile la hospitali, kila mmoja na simu yake mkononi, wakingojea mtu asome. La yule bwana wa kuuliza ulikuwa wapi lilizidi kupanda. La Raudha, kutoka kwa mtu asiye na rafiki huko, lilikaa chini, halina kidole hata kimoja. Baadaye kidogo kimoja kikatokea, na Raudha akainamia kioo upesi kuona ni nani.

Alikuwa Felista.